Mteja katuma “haha” tu na juu yake hakuna kitu: mwongozo kamili kwa anayeshika simu ya duka

Simu ya duka inatoa mlio. Unafungua WhatsApp unakuta namba usiyoijua na neno moja tu: “hahaha”. Unapandisha juu kutafuta kilichotangulia, unakutana na ile taarifa ya kawaida ya usalama wa mazungumzo, basi. Hakuna swali, hakuna picha, hakuna oda.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejibu kwa niaba ya wengine: simu ya duka, saluni, ofisi ndogo au shule, ambayo watu wawili watatu wanapokezana. Kwenye simu yako binafsi unaweza kubahatisha, kwa kuwa rafiki atakusamehe. Kwenye simu ya pamoja kila jibu lako linahesabika kuwa neno la duka, na kicheko kisichojulikana chanzo chake ni moja ya meseji rahisi kuzijibu vibaya.

Kicheko ni jibu, hata kama swali hulioni

Mtu haanzi kucheka mwenyewe. Akituma “haha” au “lol”, kuna kitu kilichomchekesha au kilichomkera, na kwa upande wake kitu hicho kinajulikana kabisa. Hivyo kuna uwezekano wa aina tatu. Ama kilikuja au kitakuja kwenye simu yako lakini hukioni, ama kilitokea nje ya WhatsApp, ama kicheko kilikuwa cha mtu mwingine na wewe umekipata kwa bahati mbaya. Mpaka ujue ni ipi kati ya hizo, jibu lako linatakiwa lifae zote tatu.

Majibu mawili yanayokuja haraka ndiyo yanayoharibu. La kwanza ni kucheka naye: “😂😂 karibu sana”. Ukicheka umekubali kwamba unajua kinachochekwa. Kama mteja alikuwa amemwambia mwenzako kwenye simu kwamba atalipa elfu ishirini badala ya thelathini, kicheko chako kitasomeka kama umeafiki. Kama alikuwa anacheka kwa uchungu kwa sababu mmemwahirishia kwa mara ya tatu, kitasomeka kama mnamdhihaki. La pili ni ile karibu ya dukani: “Habari, tukusaidie nini?” Yenyewe haina kosa, ila kwa mtu ambaye dakika kumi zilizopita ametoka kuzungumza na ninyi inamwambia kwamba hamkumbukani hata wenyewe kwa wenyewe.

Kunyamaza nako si suluhisho. Tiki zikishageuka buluu, anajua umesoma.

Kwanza usiguse kitu kwa dakika mbili tatu

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni mtandao wa mtumaji. Mtu anachagua video ndefu, anaituma, halafu papo hapo anaandika “hahaha” chini yake. Maandishi ni mepesi, yanafika mara moja. Video bado inapanda polepole kwa bando lake, au imekwama na inamsubiri abonyeze tena. Kwake yeye video iko juu na kicheko kiko chini, mpangilio umekamilika. Kwako kumefika kicheko peke yake.

Kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuandika. Dakika mbili tatu zinatosha, na kama juu ya skrini unaona bado anaandika, mwache amalize. Mara nyingi tatizo lote linaishia hapo: video inaingia, au anaongeza “ile rangi ya juzi imenichekesha”, na wewe unajibu kitu halisi. Ukiwahi kuandika “sioni chochote” halafu video ikaingia sekunde tano baadaye, hujaharibu sana, ila umeongeza maneno yasiyohitajika.

Kama una uwezo, soma ujumbe kwenye taarifa inayoonekana juu ya simu bila kufungua mazungumzo. Tiki zinabaki za kijivu, unapata nafasi ya kuchunguza bila mteja kuhesabu muda tangu usome.

Pa kuangalia, na unachotafuta

Uchunguzi usizidi dakika tano. Ukichukua nusu saa kutafuta chanzo cha “lol”, umempoteza mteja kwa namna nyingine.

Anza na ujumbe wenyewe. Je, juu ya neno “haha” kuna kibox kidogo chenye picha au maandishi? Hicho ni kielelezo cha kitu alichokijibu. Akijibu stetasi yenu moja kwa moja, picha ndogo ya stetasi hiyo huja pamoja na jibu. Akikujibu faraghani kuhusu ulichoandika kwenye kundi, maneno yako ya kundini huonekana hapo. Watu wengi hukipita kibox hiki bila kukiangalia kwa kuwa macho yao yanakimbilia neno kubwa.

Kama hakuna kibox, usikate tamaa kuhusu stetasi. Wako wanaotazama stetasi, wanatoka, wanafungua mazungumzo na kucheka huko bila kuijibu moja kwa moja. Fungua stetasi za duka zilizo hewani, angalia orodha ya waliotazama, uone kama jina lake limo. Stetasi hudumu saa 24, na orodha hiyo ina mipaka: aliyezima tiki za buluu kwenye simu yake hataonekana hata kama ametazama. Halafu kuna kidokezo kinachookoa muda mwingi. Kwa kawaida mtu huona stetasi yako pale tu ninyi wawili mmehifadhiana namba. Kama namba iliyocheka haijahifadhiwa kwenye simu ya duka, karibu uiondoe stetasi kwenye orodha ya watuhumiwa, isipokuwa kama mtu mwingine alimtumia skrinshoti.

Sasa hamia kwenye simu yenyewe. Kama unajibu kupitia kompyuta, kumbuka kwamba akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu, na kifaa kilichounganishwa karibuni hakiji na historia yote. Ujumbe wa zamani unaweza kuwa upo kwenye simu lakini kompyuta haina. Mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta tu anaweza kumwambia mteja “sioni ujumbe wako” wakati ujumbe uko mita mbili kutoka alipoketi, kwenye simu iliyo kwenye chaji.

Kwenye simu, angalia kama mazungumzo hayo yamewekewa ujumbe wa kutoweka. Kuna alama ndogo ya saa kwenye picha ya wasifu, na ukifungua maelezo ya mazungumzo utaona muda uliowekwa: saa 24, siku 7 au siku 90. Kama ipo, huenda maelezo yamepatikana. Inawezekana mteja aliwahi kuandika, ujumbe ukafutika wenyewe, na yeye amerudi akiwa bado anakumbuka. Tofauti na hapo ni ujumbe uliofutwa na mtumaji kwa ajili ya wote, ambao huacha maandishi ya kwamba ujumbe umefutwa. Lakini mwenzako wa zamu akifuta upande wenu tu, au akisafisha mazungumzo yote ili kupunguza mzigo wa kumbukumbu, hakubaki alama yoyote. Hapo dawa ni kumuuliza mwenzako.

Tafuta pia jina. Namba isiyohifadhiwa huja na jina alilojiandikia mwenyewe kwenye wasifu. Liandike kwenye sehemu ya kutafuta. Wateja wenye laini mbili huanza mazungumzo kwa namba moja na kucheka kwa nyingine, na ukitafuta “Mama Nuru” unakuta mazungumzo ya wiki nzima yako chini ya namba ya pili.

Mwisho, na hapa ndipo wengi hawafiki, toka kabisa WhatsApp. Fungua orodha ya simu zilizopigwa na kupokewa, kisha meseji za kawaida, kisha meseji za malipo ya simu. Mazungumzo ya biashara huku kwetu hayakai sehemu moja. Mtu anapiga simu ya kawaida, analipa kwa M-Pesa au Mixx, halafu anamalizia kwa kicheko WhatsApp. Namba ile ile ikionekana kwenye simu iliyopigwa dakika tisa kabla ya “haha”, umeshapata chanzo.

Kicheko chenyewe kinasema nini

Kinasema kidogo, na ni vizuri kujua ni kidogo kiasi gani. “Hahahahaha” ndefu yenye emoji za kulia kwa kucheka kwa kawaida ni furaha ya kweli. “Hehe” au “teh teh” mara nyingi ni mtu anayeona haya kidogo, anayetaka kuanzisha ombi la bei au kuomba kukopeshwa. “Lol” ni nyepesi zaidi, wengi huiweka hata pasipo na kichekesho. Ile inayotakiwa kukushtua ni “Haha” moja, fupi, yenye herufi kubwa mwanzoni na hasa yenye nukta mwishoni. Mtu anayefurahi haweki nukta. Ikija usiku, au siku ambayo oda ilitakiwa kutoka, ichukulie kama lalamiko mpaka ithibitike vinginevyo.

Lakini usijibu hisia uliyoikisia. Ukimwandikia mtu “samahani kama tumekuudhi” naye alikuwa anacheka picha ya paka wenu wa dukani, umemfanya aanze kujiuliza mmemkosea nini. Umbo la kicheko likusaidie kuchagua sauti ya jibu, yaani uchangamke au utulie. Lisikuchagulie maudhui.

Kuliandika jibu

Jibu zuri lina vipande vitatu na halizidi sentensi tatu fupi. Kipande cha kwanza ni salamu. Cha pili ni ukweli kwamba kwenye simu hii hakuna kilichotangulia. Cha tatu ni swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu kwa maneno mawili.

“Habari za jioni. Kwenye simu hii naona kicheko tu, hakuna ujumbe uliotangulia. Ulikuwa umetuma kitu au tuliongea kwa simu?”

Tazama lile swali la mwisho. Halimwambii aeleze upya kila kitu, linampa njia mbili za kuchagua. Swali la wazi kama “ulikuwa unamaanisha nini?” linamtwika kazi ya kujieleza, tena lina harufu ya kumhoji. “Umetuma kitu au tuliongea kwa simu” linamruhusu ajibu “nimetuma video” na kuituma tena.

Kipande cha pili kiwe kweli. Usiseme simu ilipotea, usiseme umebadilisha simu, kama haikuwa hivyo. Visingizio hivi vimetumika mno mpaka vinatambulika kabla hujamaliza kuviandika, na mteja akigundua kwamba simu ni ile ile aliyopigiwa jana, hatakuamini tena hata ukimwambia bei. Sema “kwangu haionekani” na uishie hapo. Pia liweke kosa upande wa simu yako, si upande wake. “Hujatuma kitu” inamwambia amekosea. “Kwangu hakijaonekana” haimlaumu yeyote.

Kuuliza jina kuna ustadi wake. “Wewe nani?” ni ukali hata ukiiwekea emoji. Kwa Tanzania “Nani mwenzangu?” inakubalika kati ya watu wa rika moja kwenye simu binafsi, lakini kwa duka ni ya kishkaji mno. Ya dukani ni “Naomba nikumbushe jina, namba hii haijahifadhiwa hapa.” Kenya mtu atasema “Naongea na nani tafadhali?” na hakuna atakayekwazika. Kwa hali yoyote, jina lije baada ya chanzo cha kicheko, si kabla. Ukiuliza jina kwanza, umemgeuza mteja kuwa mgeni.

Namna ya kumwita pia ichungwe. Hujui kama ni dada, kaka, mama au mzee. Picha ya wasifu haitoshi, kwa sababu akina mama wengi wameweka picha za watoto na akina baba wameweka za wake zao. “Habari za jioni” peke yake haina hatari. “Shikamoo” kwa mtu usiyemjua umri inaweza kumzeesha kijana, na “boss” inayotamkwa vizuri ana kwa ana Kariakoo inasomeka ovyo kwa mtu mwenye hasira. Akishajitambulisha, panda naye: “dada Neema”, “mama Nuru”, “mzee”.

Kicheko kirefu cha furaha kinaruhusu jibu jepesi zaidi: “Habari! Kicheko kimefika, kichekesho bado 🙂 Ni video ulituma au ni stetasi yetu?” Hapa kuna utani bila kukubali chochote. Emoji moja ya tabasamu inatosha. Ile ya kulia kwa kucheka iache, ndiyo inayosomeka kama makubaliano.

Kwa “Haha.” kavu, toa utani wote: “Habari za jioni. Naomba uniandikie kwa kifupi kilichotokea, kwenye simu hii sioni mazungumzo ya nyuma. Nitalifuatilia sasa hivi.” Ahadi ya mwisho iandike tu kama kweli utafuatilia sasa hivi.

Jambo moja ambalo halitakiwi kuonekana kwenye jibu hata kidogo ni kubahatisha kwa kutaja mambo ya mteja mwingine. “Wewe ndiye yule wa gauni la kijani la laki na nusu?” Kama siye, umetangaza oda na bei ya mtu kwa mgeni.

Angalia kwanza kama mashine haijakutangulia kujibu

WhatsApp Business ina ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe pale mtu anapoandika kwa mara ya kwanza, au anaporudi baada ya siku 14 za ukimya. Ina pia ujumbe wa kutokuwepo, unaojituma nje ya saa za kazi. Namba mpya ikituma “haha” saa 3 usiku, inawezekana sekunde moja baadaye simu yenu imeshamjibu: “Asante kwa kuwasiliana nasi! Tunafurahi kukuhudumia.” Mtu aliyecheka kwa hasira amejibiwa kwa furaha. Ukija wewe na salamu yako kamili, amesalimiwa mara mbili na bado hajasikilizwa.

Hivyo soma kilichopo chini ya kicheko. Kama salamu ya mashine imekwenda, ruka salamu yako na uonyeshe kwamba sasa ni mtu: “Huo wa juu umejituma wenyewe. Mimi niko hapa sasa. Kwenye simu hii sioni kilichotangulia kicheko chako, ulituma kitu?”

Na maneno ya salamu hiyo yabadilisheni mapema yasiwe na shangwe. “Tumepata ujumbe wako. Tuandikie jina lako na unachohitaji, tutakujibu kuanzia saa 2 asubuhi” inamfaa anayecheka, anayelia na anayeulizia bei. Maneno yenye alama tatu za mshangao yanamfaa mmoja tu kati yao.

Mfano mmoja kwa urefu

Duka la kushona nguo za sherehe Dar es Salaam, Alhamisi, saa 2:40 usiku. Dada wa mapokezi yuko kwenye kompyuta. Unaingia ujumbe kutoka namba isiyohifadhiwa: “Haha.” Ina nukta. Juu yake hakuna kitu.

Anasubiri dakika mbili, hakuna kinachofuata. Hakuna kibox cha kielelezo. Namba haijahifadhiwa, kwa hiyo stetasi anaiweka pembeni. Anachukua simu: mazungumzo ni matupu vilevile, hakuna alama ya saa. Anatafuta jina la wasifu, halitoi kitu. Anafungua orodha ya simu za kawaida, na pale juu kuna simu iliyotoka saa 2:31, dakika tatu, kwenda namba hiyo hiyo. Yeye hakupiga. Fundi ndiye aliyekuwa na simu kabla ya kuondoka.

Anampigia fundi. Fundi akipokea na kusema “nilimwambia gauni lake litatoka Jumamosi mchana”, dada anajua kicheko kilikuwa cha nini, na jibu lake linaanza na jambo lenyewe: “Habari za jioni dada. Nimeambiwa fundi amekupigia saa 2:31 kuhusu gauni lako kutoka Jumamosi. Sherehe ni lini na saa ngapi? Nijibu hapa hapa, niangalie namna ya kuliwahisha.” Hakuna pole nyingi, hakuna utetezi wa fundi. Kuna swali linalozaa tarehe na saa.

Fundi asipopokea, dada anajua nusu tu, na anaandika nusu hiyo: “Habari za jioni. Naona tulikupigia saa 2:31, ila aliyeongea nawe ameshatoka na sijampata. Naomba uniandikie mlizungumza nini, nianze kulishughulikia.” Huku “dada” imeondoka, kwa kuwa hajathibitisha anaongea na nani.

Jibu linarudi: “Send-off ni kesho jioni, gauni mnanipa keshokutwa. Nicheke nisilie?”

Kuanzia hapo kazi si ya maneno tena. Ni kumtafuta fundi mwingine, kujua kilichobaki kama ni pindo au ni kifua kizima, na kumpa mteja saa moja iliyo ya kweli. Linganisha na “😂😂 karibu sana dada” ambayo ingetumwa saa 2:40 na dakika moja. Ujumbe huo ungeweza kupigwa skrinshoti na kuingia kwenye kundi la kamati ya sherehe usiku huo huo.

Baada ya jibu lako

Akituma kilichokosekana, kijibu chenyewe na kicheko kisahau. Akisema “samahani, nilikosea namba”, andika “hamna shida, usiku mwema” na funga. Usitumie nafasi hiyo kumpelekea katalogi ya bidhaa.

Akisema “yaani umenisahau!” bila kutaja jina, usianze mchezo wa kukisia. “Simu hii tunashika watu watatu, nikumbushe jina nikuangalizie” inamaliza. Lakini hapa ndipo pa kufungua macho. Kuna matapeli wanaoanza hivyo hivyo, kicheko cha kizoefu, kisha “umenisahau”, wakisubiri wewe mwenyewe utaje jina: “Ni wewe Asha?” Ukishataja, amekuwa Asha. Baadaye Asha anaomba hela itumwe kwenye namba nyingine, au anadai ametuma malipo kimakosa na anataka arudishiwe. Jina litoke kwake, kamwe lisitoke kwako. Malipo yanathibitishwa kwenye salio la duka, si kwa skrinshoti wala meseji aliyoinakili yeye. Tanzania namba ya kitapeli inaripotiwa kwa kutumwa kwenda 15040, Kenya kwa wateja wa Safaricom ni 333.

Akijibu swali lako kwa kicheko kingine, uliza mara moja zaidi kwa umbo jingine: “Sawa. Ukiwa na oda au swali, liandike hapa, nitaliona.” Halafu acha. Ukumbusho mmoja kesho yake asubuhi unatosha kama kicheko cha kwanza kilikuwa kile kikavu. Kwa kile cha furaha hata huo hauhitajiki.

Kwa wanaotumia mfumo mkubwa wa kampuni, ule wa WhatsApp Business Platform ambako meseji zinaingia kwenye programu ya huduma kwa wateja, kuna saa ya kuangalia. Ujumbe wa mteja, hata kama ni “lol” tu, unafungua dirisha la saa 24 ambamo mnaweza kumwandikia kwa uhuru. Likifungwa, mnaruhusiwa kutuma violezo vilivyoidhinishwa tu, na hakuna kiolezo kinachouliza kwa ustaarabu “ulikuwa unacheka nini?” Kwa hiyo kwenu swali liende siku hiyo hiyo. Programu ya kawaida ya WhatsApp Business kwenye simu haina kizuizi hicho.

Ukishajua ni nani, mhifadhi papo hapo kwa jina na jambo, kwa mfano “Neema gauni send-off”, umwekee lebo ya oda yake, na kama chanzo kilikuwa simu ya kawaida, andika mistari miwili kwenye mazungumzo hayo hayo ya WhatsApp: “Kama tulivyoongea saa 2:31, gauni linatoka Ijumaa saa 8 mchana.” Atakayeshika zamu ya asubuhi atakuta kitu juu ya kicheko kitakachofuata.